Karo za Maternite na Alama ya Vidole

Mwaka wa 1966 nilikuwa na miaka kumi, na njo mwaka taabu ilianza, ndio huo. Baba yangu alikuwa anatia mafuta kwenye magurudumu ya treni hapa Kamina. Aliugua tumbo siku tatu, ya nne akafa. Ndugu zake walikuja kutoka Kabondo-Dianda, wakalia vizuri sana, kiisha wakabeba baiskeli, kitanda, redio na makoti yake mawili. Koti moja mkubwa wao alilivaa pale pale, kwenye matanga, na jua lilikuwa kali. Mama alibaki na sufuria mbili na mimi. Tangu siku ile muntu akilia sana mbele yangu, siangalii macho yake. Naangalia mikono.

Shule niliacha darasa la pili. Kusoma nilijifunza baadaye, kwenye mifuko ya simenti na kwenye Biblia ya mke wangu, na kuandika ninaandika hivi munavyoona. Sikuomba muntu anisaidie hata hapa.

Aliyenilisha alikuwa fundi mmoja mzee, Muluba wa upande wa Mulongo. Nilimchotea maji, nikamchekechea mchanga, nikala kwenye sahani yake. Mzee huyo, kabla ya uhuru, ndiye aliyebandika ukuta wa karo ndani ya maternite, hospitali ya kuzalia ya masista. Karo ninasema vile vigae vya ukutani vinavyong'aa, vilivyopakwa kioo mbele, na mgongo wake ni udongo mtupu uliochomwa. Zilikuja kwa treni ndani ya majani makavu, kutoka Ulaya. Msimamizi alikuwa mzungu, lakini mzungu yule alikuwa anakaa kwenye kiti. Aliyepiga magoti alikuwa mzee wangu.

Ukuta ule uko kwenye ukumbi wa kuingilia, pale wamama wanapokaa na mimba zao kungojea zamu. Karo nyeupe mia nne na zaidi, mstari wa kijani juu, na katikati picha ya karo ishirini: ndege mweupe wa miguu mirefu, amebeba kitambaa kwa mdomo, na ndani ya kitambaa kuna mtoto. Wamama wa Kamina hawakumpenda ndege yule hata siku moja. Wanasema anaiba mtoto. Wengine wanageuza benchi, wampe mgongo. Nilimuuliza mzee, akanijibu kwamba kwa wazungu ndege njo analeta mtoto. Nikamuuliza kama ni hivyo, wanawake wao wanafanya kazi gani. Alicheka mpaka akaangusha mwiko.

Nieleze jambo moja la kazi, maana mambo yote yanakuja kusimama juu yake. Kabla ya kubandika karo, fundi wa zamani anapaka chokaa mgongoni mwake, kiisha anapitisha vidole ndani ya chokaa mbichi, afanye mifereji ili ishike ukuta. Kila fundi alikuwa na mwendo wake. Mzee wangu alipitisha vidole vitatu, toka juu mpaka chini, mara moja, bila kurudia. Mimi alinikataza kuiga vidole vyake. Alisema kazi mbaya iwe na mwenyewe. Basi nikachagua msalaba wa kidole gumba, kona kwa kona. Alama hiyo haionekani na muntu. Inakaa gizani nyuma ya karo mpaka siku karo itakapotoka.

Sasa nije kwenye mambo ya juzi.

Mwaka juzi, mvua zilipokwisha, Sista mkubwa wa maternite aliniita. Mimi ni mzee sasa, lakini Kamina hii ukitaka ukuta uliosimama wima, bado utaletwa kwangu. Nilikuta karo kumi na moja zimeanguka chini, zingine zimevimba kama tumbo, na kwenye maungo, pale karo na karo zinapokutana, kumeota kitu cheupe kama manyoya. Ukigusa ni chumvi. Sista alikuwa na barua ya mkaguzi wa afya. Ukuta wenye nyufa, ilisema, unaficha uchafu. Utengenezwe kabla ya mvua nyingine, ama ukumbi ufungwe.

Pale ndani alikuwa amesimama Hadji. Hadji huyu ni mfanyabiashara, jamaa ya wale Waislamu wa Maniema waliofika huku zamani na biashara zao, na duka lake la vifaa vya kujenga ni kubwa kuliko mengine. Masista walimweka kwenye kamati ya maternite kwa sababu ana lori. Alisema, kwa sauti ya muntu anayetoa zawadi, kwamba karo zote zivunjwe, na yeye ataleta mpya kutoka Lubumbashi, hatataka hata faranga.

Hata faranga. Niliangalia mikono yake. Alikuwa ameikunja nyuma.

Nilisema karo za zamani nyingi ni nzima, zinaweza kubandikwa tena. Hadji akatabasamu.

"Papa, weye unapenda ukuta huu sababu ya mzee wako. Tunakuheshimu. Lakini mama anazaa hapa, si kwenye makumbusho."

Maneno hayo yaliniuma, maana yalikuwa na kweli ndani yake. Mzee wangu hakuacha mtoto. Kaburi lake lilipotea, mtu amelima mihogo juu. Nyumba alizojenga zimepigwa plasta na kupakwa rangi na wengine. Kitu kimoja tu kilichobaki hapa duniani kinachoonyesha kwamba muntu yule aliishi na alijua kazi, ni ukuta ule. Ukivunjwa, amekwisha. Hilo njo nililotetea, na sikuona sababu ya kumweleza Hadji.

Siku iliyofuata nilienda dukani kwake kununua misumari, sikuwa na haja ya misumari. Juu ya meza yake, karibu na mashine ya hesabu, niliona karo mbili. Nyeupe, mgongo wa udongo mwekundu, kona nne kamili. Karo za maternite.

Nililipa misumari, nikarudi nyumbani, nikakaa. Nikajiambia: kumbe. Wazungu wa siku hizi wananunua vitu vya zamani, nilikwisha sikia. Atatoa karo zetu moja moja, nzima, azipeleke Lubumbashi na lori lake lile lile, huku sisi tunamshukuru kwa mpya. Nilienda kila asubuhi kuhesabu karo zilizoanguka, ambazo Sista aliweka ndani ya beseni. Zilikuwa kumi na moja siku ya kwanza. Nilizikuta tisa. Zikabaki tisa, lakini mimi nilikwisha hukumu.

Kumbe paroko naye alikuwa ameandika barua Lubumbashi, na wakatuma mama mmoja, kijana bado, aliyesomea kutengeneza majengo ya kale. Alifika kwa treni amechelewa siku mbili, na kisanduku cha chuma. Nilimfungulia kile kisanduku kwa macho yangu kabla hajakifungua yeye. Alipokifungua, ndani kulikuwa na sindano za hospitali, kubwa, brashi ndogo kama za kupaka macho, misumeno nyembamba kama kisu cha samaki, na kamera.

Siku ya kwanza hakugusa karo hata moja. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya ukuta, akakaa pale saa nzima akiangalia matope. Nyuma kuna bomba, wamama wanafulia nguo za wagonjwa, maji yanasimama kwenye mguu wa ukuta. Nilimwambia Sista, mbele yake, kwamba sisi tuna ugonjwa wa ndani na muganga anaangalia nje. Yule mama akacheka tu, akaniambia:

"Papa, karo haziugui. Ukuta njo unakunywa. Tukibandika leo, bomba likiwa pale, mwaka kesho utaniita tena."

Maji yanapanda ndani ya matofali, akasema, yanabeba chumvi, na chumvi ikifika nyuma ya kioo cha karo inakauka, inakuwa mawe madogo, inasukuma kioo kitoke. Nilikuwa najua kwamba maji yanaharibu. Hilo la chumvi kusukuma sikuwa najua. Sikumwambia kwamba sikuwa najua.

Kiisha akapiga picha. Karo moja, picha moja. Zote. Akachora ukuta mzima kwenye karatasi yenye miraba, akaandika namba. Mimi nilikaa kwenye benchi la wamama nikimlinda kama mlinzi wa benki. Mbona picha? Ukipiga picha ya kitu, ni kwamba kuna muntu mahali anayengoja kukiona. Nikaunganisha: huyu na Hadji ni biashara moja. Mmoja anavunja, mwingine anatafuta mnunuzi. Mama mmoja mwenye mimba, mke wa askari wa kambi ya base, alinisikia nikinung'unika akaniuliza kama nami nimekuja kuzaa. Benchi zima likacheka. Sikutoka.

Siku ya pili alianza kugonga. Hapo nilisimama, maana kugonga ninajua. Unachukua mpini wa mti, unagonga karo polepole, unasikiliza. Iliyoshika inatoa sauti fupi, kavu. Iliyoachana na ukuta inasema kama ngoma. Yeye aligonga na kuweka alama kwa chaki, mimi nikagonga nyuma yake bila kuombwa. Mara mbili nilimsahihisha. Mara ya tatu alinipa chaki.

Jioni mchoro wake ulikuwa umejaa. Karo za kushika vizuri, zaidi ya nusu, haziguswi kabisa. Zenye sauti ya ngoma ila nzima. Zilizopasuka ama kupoteza kipande. Na upande wa kushoto, chini, karibu na mlango wa chumba cha kuzalia, sehemu moja mbaya sana: karo thelathini na nne, kioo kimetoka kama magamba ya samaki, nyufa kila mahali, lakini ukigonga, ngumu kama reli.

"Hapa kuna kitu kingine," alisema. "Hapa mtu alikuja baadaye."

Nikajibu haraka, sikungoja hata kufikiri, kwamba ni bantu wa Hadji. Miaka michache nyuma walitengeneza vyoo vya maternite, na choo kiko karibu na ukuta ule. Nilisema mbele ya Sista, na Hadji mwenyewe alikuwa ameingia wakati ule, kanzu yake nyeupe, anajifuta miguu mlangoni.

"Waliweka simenti mpaka kwa kazi ya muntu mwingine," nikasema. "Kiisha leo unasema zote zivunjwe. Muntu anayepasua kitu njo wa kwanza kusema kimepasuka."

Hadji hakukasirika. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Alisema watu wake hawakugusa ukumbi, na kama ninataka tuwaite. Nikasema na karo mbili za mezani kwako, tuziite nazo? Sista akashika kichwa. Hadji akaniangalia kama muntu anayepima mbao.

"Papa, zile alinipa Sista. Nitatafuta namna gani karo za kipimo kile, kama sina mfano? Nimezibeba Lubumbashi mara mbili. Hawana. Wananicheka. Wananiambia mzee, karo hizi zilikwisha tangu baba zetu."

Sista akasema ni kweli, yeye alimpa, aliandika mpaka kwenye daftari. Basi, mbili zilizokosekana kwenye beseni. Mimi nikasema hata hivyo. Ndiyo, nilisema hata hivyo, na sikuwa na neno la kuweka nyuma yake. Sikuomba radhi siku ile.

Yule mama wa Lubumbashi hakuingia kwenye ugomvi wetu. Alisema kuna njia ya kujua bila kuwaita watu: tutoe karo moja ya sehemu ile, tuone mgongo wake.

Kwanza alitoa moja ya upande mzuri, yenye sauti ya ngoma, ili tulinganishe. Alibandika karatasi nyembamba sana mbele ya karo, na gundi inayoyeyuka kwa maji, ili kioo kisimwagike. Kiisha akapitisha msumeno mwembamba kwenye maungo pande zote nne, taratibu, asiguse jirani. Karo ikatoka mkononi mwake kama yai linavyotoka kwenye majani. Akaigeuza. Vidole vitatu, toka juu mpaka chini, mara moja, bila kurudia.

Miaka karibu sabini. Mfereji wa kidole cha katikati ulikuwa na kovu dogo kando. Mzee alikuwa na kidole kilichokatwa na bati. Niliweka vidole vyangu ndani ya mifereji ile. Havikujaa. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu, nilikuwa nimesahau.

Kiisha akaenda kwenye sehemu mbaya. Msumeno ulikwaruza, haukuingia. Maungo yalikuwa ya simenti. Alijaribu nusu siku. Mwisho karo ilipasuka vipande vitatu, na kipande kikubwa kilitoka na donge la simenti nyuma yake, na tofali la ukuta likang'oka pamoja. Simenti ilikuwa imeshika sana kuliko karo yenyewe. Alilipangusa lile donge, upande wa ukuta, pale simenti ilipoachana kidogo na tofali. Ndani ya simenti kulikuwa na msalaba wa kidole gumba, kona kwa kona.

Nilikuwa wa kwanza kuuona, maana nilikuwa nimeinama. Nikachukua kipande kile nikakiweka chini, uso juu, alama chini. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe. Nikaacha mguu wangu karibu nacho.

Na njo nilikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Bomba lile lile lilipasuka, karo za kona zikaanguka, na mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anakuja kutembelea maternite. Mzee alikuwa mgonjwa, amelala. Aliniambia nioshe karo, nizikaushe vizuri, nichanganye chokaa na vumbi la tofali, ningoje. Majuma matatu. Mimi niliona majuma matatu ni uvivu wa wazee. Wakati ule simenti njo ilikuwa ukubwa. Muntu mwenye mifuko miwili ya simenti aliitwa fundi, mwenye chokaa aliitwa mzee. Niliweka simenti tupu, nene, siku mbili nikamaliza. Mkubwa hakuja hata kuja. Mzee alipopata nguvu alikuja polepole na fimbo, akagonga karo zangu kwa kifundo cha kidole. Ziliita vizuri. Alisema tu, "Umefunga mlango wa maji. Yatatafuta dirisha." Nilidhani ni homa inasema. Alikufa kabla ya mvua nyingine.

Maji yalitafuta dirisha. Hayakuweza kutoka kwenye maungo niliyoyaziba kwa simenti, yakapita kwenye kioo cha karo, yakakipasua, na mengine yakasukumwa pembeni, chini ya kazi ya mzee, mpaka karo zake zikaanza kuachia.

Yule mama alikuwa ananiangalia. Sista pia. Hadji alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu yake karibu na mguu wangu. Mama akauliza, na hakuuliza kwa ukali:

"Papa, hii alama iko ya nani?"

Kwa hiyo aliiona. Watu wa macho ya kamera.

Ningeweza kusema ni ya bantu wa choo. Wale wako Bukama sasa, wanajenga kwa wauza samaki, hawangekuja kujitetea. Hakuna muntu mwingine aliye hai anayejua msalaba ule. Na ningeokoa jina langu, ambalo nimelijenga bila baba na bila shule. Lakini nikaona: nikisema ni ya wengine, ukuta wote utaonekana umefanywa na watu wasiojulikana, na kitu kisichojulikana Kamina kinavunjwa. Ili mzee abaki na vidole vyake vitatu, lazima nami nibaki na gumba langu.

"Iko yangu," nikasema. "Minyi njo niliweka simenti. Mzee alinikataza."

Mama mmoja kwenye benchi aliacha kutafuna. Hadji alinyanyua kile kipande, akaangalia msalaba, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyompa muntu mkate.

"Basi sasa tunajua wapi kuanzia," alisema. Na kejeli ilikuwa ndani, ndogo. Nilistahili kubwa zaidi.

Tukaketi, tukaamua. Mkutano wote ulichukua asubuhi moja, kwa sababu uongo ulikuwa umekwisha. Sista alitaka kitu kimoja: chini, pale wanapopiga maji na dawa ya kufua kila asubuhi, pasiwe na ufa wala kiraka kinacholainika. Mama wa Lubumbashi alikubali. Alisema kiraka cha kujaza kipande kilichopotea kinatengenezwa kwa chokaa na unga wa jiwe jeupe, kinapakwa rangi, kinafunikwa na vanishi, lakini hakivumilii brashi na dawa kila siku. Kwa hiyo viraka viwe juu, kwenye ndege na mstari wa kijani, ambapo mkono haufiki. Chini, karo iliyopoteza kipande ibadilishwe nzima. Zilizo nzima zibandikwe tena mahali pake pale pale, kwa namba. Zile za picha zenye sauti ya ngoma zisitolewe kabisa. Zilishwe kwa sindano.

Na thelathini na nne zangu? Hazitoki nzima. Nilijaribu mwenyewe, siku nne, na patasi nyembamba, magoti yangu yakilia. Nilitoa mbili. Zilizobaki zilivunjika zote. Kazi ya mzee, karo sitini na saba zilizoachia, zilitoka zote kwa msumeno, hakuna hata moja iliyopasuka. Hesabu hiyo sikuandikiwa na muntu.

Kwanza bomba lilihamishwa. Hadji alileta lori la kokoto na mfereji wa simenti kupeleka maji mbali. Huko nje simenti iko mahali pake. Tukaacha ukuta upumue miezi miwili ya jua. Karo tuliziloweka ndani ya mapipa ya maji ya mvua, tukabadilisha maji tena na tena mpaka yasiwe na chumvi, kiisha kwenye kivuli, zikauke. Wamama walisema tunapika karo, wakauliza zinaiva lini. Vumbi la tofali nililitwanga mwenyewe kwenye kinu. Chokaa peke yake nyuma ya karo haikomai vizuri, hakuna hewa. Vumbi la tofali lililoungua njo linaisaidia. Yule mama aliniuliza nani alinifundisha, nikamwambia muntu ambaye sikumsikiliza.

Ndege tulimlisha kwa sindano. Unatoboa kwenye maungo, si kwenye karo. Unaingiza maji kwanza, kiisha uji mwembamba wa chokaa, mpaka utoke kwa tundu la jirani. Unaegemeza ubao wenye kitambaa, unauacha. Kipande cha bawa kilichopotea alikijaza, akakipaka rangi iliyo chini kidogo ya nyeupe ya kweli. Nikamwuliza kwa nini asifananishe kabisa, kama anajua. Alisema muntu akisogea karibu aone wapi ni zamani na wapi ni leo. Mbali aone ndege tu. Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Kwanza nilidhani ni kisingizio cha muntu asiyeweza rangi. Sasa ninadhani ni ukweli, na sipendi kusema hivyo juu ya muntu wa shule.

Pale zangu zilipovunjika tuliweka karo ishirini tulizozibandua ukutani, nyuma ya sanduku la chuma kwenye chumba cha kufulia, za treni ile ile. Nazo vidole vitatu. Zilizobaki, kumi na mbili, tulikata kwenye karo mpya za Hadji. Zina weupe wa baridi, unaziona. Niliziweka chini kabisa, nyuma ya benchi, kwa chokaa, si simenti, na nilikaa majuma matatu nikizifunika kitambaa chenye maji. Mgongoni mwa kila moja nilipitisha gumba langu.

Siku ya mwisho nilienda dukani kwa Hadji. Nikamwambia nilimdhania vibaya juu ya zile mbili. Alizitoa chini ya meza, akazifungia kwenye gazeti, akaniambia nizirudishe ukutani mwenyewe, maana akizibeba yeye nitazihesabu tena njiani. Nilizihesabu njiani. Zilikuwa mbili.

Mkaguzi alikuja kabla ya mvua. Alipitisha kidole kwenye maungo, akaandika, akaenda. Wamama bado wanampa ndege mgongo.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati si la deni. Shamba la mihogo nyuma ya reli. Mbuzi sita. Baiskeli moja, ya kununua, si ya kurithi. Cherehani ya marehemu mke wangu. Miko mitatu, timazi moja, kinu chenye wekundu wa tofali ambao hauoshiki. Jina langu, na kasoro moja ndani yake inayojulikana. Na kipande cha karo chenye msalaba, juu ya kabati, alama juu.